Maombi yamefika, sasa mwombaji asubiri nini?
(Mhadhara kwa makarani wa masjala na maofisa udahili, Kampala)

Mabibi na mabwana, habari za asubuhi. Nimeombwa kuzungumzia barua pepe ambayo wengi wetu tunaiandika mara moja, tunaihifadhi, kisha tunaituma miaka kumi bila kuisoma tena: ile ya kumwambia mtu kwamba maombi yake yamefika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana yuko Arua, anaomba nafasi katika chuo cha ufundi Mbarara. Ametuma fomu, cheti cha UCE, nakala ya kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1 na risiti ya benki. Vyote amevipiga picha kwa simu. Dakika moja baadaye anapata jibu: “Asante, tumepokea ujumbe wako. Tutawasiliana nawe hivi karibuni.”

Jibu hilo limetumwa na mtambo. Mtambo unajua kwamba ujumbe umeingia, lakini haujui kama risiti inasomeka, wala kama kile kinachoitwa cheti ni picha ya ukurasa wa nyuma. Na kama viambatisho vilikuwa vizito (Gmail hairuhusu zaidi ya MB 25 kwa ujumbe mmoja), pengine kijana aligawa maombi yake katika barua mbili, na ya pili bado imekwama kwenye simu iliyoishiwa bando. Yeye ameshalala usingizi, kwa sababu ameambiwa “tumepokea”.

Kwa hiyo jibu la mtambo liache, lakini liseme ukweli wake: ujumbe umefika, nyaraka hazijakaguliwa, barua ya ukaguzi itakuja ndani ya siku tatu za kazi. Barua hiyo ya pili anaiandika karani baada ya kufungua kila kiambatisho kwa macho yake. Kwa kijana wetu ingesomeka hivi:

“Maombi yako ya kozi ya umeme tumeyapokea Jumatatu tarehe 10 Machi. Namba yako ya kumbukumbu ni UM/047. Tumefungua na kusoma fomu, cheti cha UCE, kitambulisho na barua ya LC1. Risiti ya benki haisomeki: namba ya malipo imekatwa pembeni. Tuma picha nyingine kwa kujibu barua hii, kabla ya Ijumaa tarehe 14 Machi saa 11:00 jioni (17:00). Bila risiti hiyo maombi hayatapelekwa kwenye kamati. Kamati inakaa Jumatano tarehe 19. Walioitwa kwenye usaili na wasioitwa, wote wataandikiwa kabla ya mwisho wa Jumatano tarehe 26 Machi.”

Tazameni ilivyotaja nyaraka moja moja. Ukiandika “nyaraka zako zimepokelewa”, mwombaji hawezi kugundua kwamba barua ya LC1 haikufika. Ukiorodhesha, pengo analiona mwenyewe. Na kasoro imeelezwa ilivyo, maana ukimwambia tu kwamba risiti “ina tatizo”, atakutumia picha ileile.

Saa nimeiandika mara mbili kwa makusudi. Hapa kwetu mtu akisoma saa 11 peke yake anaweza kuelewa jioni yetu, au saa tano asubuhi ya kompyuta. Tofauti ni saa sita, na hizo zinatosha kumkosesha mtu mwaka wa masomo.

Mzee pale nyuma ananiuliza: hawa mia mbili nitawaandikiaje mmoja mmoja? Swali zuri. Weka kiolezo, ubadilishe jina, namba, orodha na kasoro tu. Unachoweza kutuma kwa mkupuo ni taarifa isiyomhusu mtu binafsi, kama tarehe ya kamati, na hapo anwani ziende kwenye sehemu ya “Bcc”. Ukizipanga kwenye “Cc”, kila mwombaji anawaona wenzake wote, na Uganda tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019. Sioni utetezi utakaoutoa.

Limebaki la tarehe. Usiahidi siku ambayo mwenye saini hajaikubali. Muulize mwenyekiti wa kamati kwanza, tazama kalenda, na kama Idd iko karibu kumbuka inategemea mwezi kuandama. Hata hivyo tarehe huteleza. Ikifika Jumanne tarehe 25 na orodha haijasainiwa, andika siku hiyohiyo: kamati haijamaliza, majibu yatatoka Jumatatu tarehe 31, huhitaji kutuma kitu chochote tena. Maneno hayo ya mwisho msiyasahau. Usipoyaandika, nusu ya waombaji watatuma upya kila kitu, na masjala itakuwa na faili mbili za mtu mmoja zenye namba tofauti, moja ikiwa na risiti, nyingine haina.