Zohali Inapoubana Mwezi: Chati Haisemi Kwamba Mama Hakukupenda

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nyumba za chati na tabia za buruji mnazijua, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Ninalolisema kila nikipewa jukwaa nalisema tena leo: mnajimu akiona Mwezi umebanwa na Zohali, hana ruhusa ya kumwambia mtu "mama yako hakukupenda." Maneno hayo yanasemwa kila siku, na mtu anarudi nyumbani akimtazama mama yake kwa jicho jingine. Ni kosa la kazi, na hesabu yenyewe inalionyesha.

Pembe ngumu ninazozizungumzia ni tatu: Mwezi na Zohali kukutana sehemu moja, kuachana kwa nyuzi 90, yaani mraba, na kukabiliana kwa nyuzi 180. Mwezi unazunguka buruji zote kwa siku 27 na kidogo, nyuzi kama 13 kwa siku. Zohali inachukua miaka 29 na nusu, hivyo ndani ya siku hizo 27 ni kama imesimama. Katika kila mzunguko, basi, Mwezi unaigusa Zohali kwa ugumu mara nne: kukutana mara moja, kukabiliana mara moja, mraba mara mbili. Ukiruhusu tofauti ya nyuzi 6 kila upande, kila mguso unadumu karibu siku nzima. Jumlisha: mtoto mmoja kati ya saba au wanane anazaliwa na pembe hii. Darasa la watoto arobaini lina watano au sita. Wote hao mama zao hawakuwapenda? Haiwezekani.

Inasema nini basi? Mwezi ni hitaji la mtoto: kushikwa, kulishwa, kubembelezwa. Zohali ni mpaka, kazi, uhaba na kungoja. Vikibanana, tunasoma kwamba mtoto alijifunza mapema kuwa hitaji lake lina gharama, na kwamba ni salama zaidi kutokuwa nalo. Aliyemfundisha huenda ni mama mgonjwa, au mama mwenye upendo tele anayetoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku amechoka. Huenda ni mdogo wake aliyezaliwa upesi, naye akaambiwa "wewe ni mkubwa sasa, nyamaza." Chati haitaji ni yupi. Inaonyesha namna mtoto alivyolipokea jambo, haituambii mzazi alitenda nini.

Mtazameni mtu huyo ukubwani, mezani tu. Anakaribishwa chakula, anasema "nimeshiba" kabla hajaulizwa mara ya pili. Anapewa msaada, neno la kwanza ni "usijisumbue." Akifiwa, ndiye anayeshika daftari la michango na kuhesabu viti, na wiki nzima hakuna aliyeliona chozi lake. Watu wanamsifu kwa uvumilivu. Ile sifa ndiyo inayolifunga fundo, kwa sababu kila akisifiwa anathibitishiwa kwamba alivyojifunza utotoni ni kweli.

Tuchukue chati ya Marilyn Monroe, mwigizaji wa Marekani, kwa kuwa saa yake ya kuzaliwa imo kwenye cheti: Los Angeles, tarehe 1 Juni 1926, saa tatu na nusu asubuhi. Mwezi uko nyuzi 19 za Ndoo. Zohali iko nyuzi 21 za Nge, nyumba ya nne, nyumba ya wazazi na makao. Mraba, tofauti ya nyuzi mbili na kidogo tu, na Mwezi ulikuwa bado unauendea mraba kamili. Ulibakiza saa nne au tano kufika. Pembe inayojongea hivi tunaihesabu kuwa na nguvu kuliko ile inayoachana.

Sasa someni maisha. Akiwa mchanga sana aliwekwa kwa familia ya walezi, mama yake akafanya kazi na kuja kumwona. Akiwa na miaka saba mama akamchukua wakaishi pamoja. Mwaka 1934 mama akaugua akili akalazwa, na mwaka 1935 mtoto akapelekwa kwenye nyumba ya yatima ilhali mama yake yu hai. Mwaka huo wa 1934 Zohali ilikuwa inapita Ndoo, pale pale ulipo Mwezi wake. Mnajimu wa haraka angesema "alikataliwa na mama." Lakini mama huyu alikuwa amemchukua mtoto ili waishi nyumba moja, kisha maradhi yakamshinda. Mtoto wa miaka saba hawezi kutofautisha kukataliwa na maradhi. Kwake yote mawili ni mlango uliofungwa, na ni ule mlango ndio chati inauonyesha.

Najua kuna anayewaza: mtoto yeyote angeumia hivyo, hata bila Zohali. Ni kweli, na sibishani naye. Ndiyo maana chati si ushahidi wa tukio. Inakupa swali la kuuliza, kisha jibu linatoka kwa mwenye maisha yake. Ukiuliza "ulipokuwa mdogo ukilia, nini kilifuata?" ukanyamaza, utapata zaidi ya unabii wowote.

Kuna kosa jingine linalotuhusu sisi hasa, nalo linaudhi kwa sababu linaepukika. Mama anasema "nilijifungua saa tatu na nusu asubuhi," na mtu anaandika 3:30 kwenye programu badala ya 9:30. Saa sita zimepotea. Kwenye chati hii hii Mwezi ungerudi hadi nyuzi 16 za Ndoo, na tofauti ingekuwa zaidi ya nyuzi tano, mraba ukabaki kwa taabu. Na kwa vile nyumba huzunguka zote kwa siku moja, Zohali ingetoka kabisa nyumba ya nne, na habari yote ya makao na wazazi ingepotea. Kwa mtu ambaye tofauti yake tayari ni nyuzi nne au tano, pembe inaweza kufutika au kuzuka isipokuwepo. Ulizeni asubuhi au usiku, kisha ongezeni saa sita, na usiku ule wa kuamkia siku mpya mhakikishe tarehe pia.

Muda unakwisha, kwa hiyo nagusia tu. Kwenye mraba mtu anabishana na hitaji lake ndani kwa ndani. Kwenye kukabiliana, Zohali anaikuta kwa watu: mume baridi, bosi mkali, rafiki asiyerudisha simu. Kwenye kukutana ndiyo ngumu kuiona, kwa maana mwenyewe hudhani kila mtu yuko hivyo.

Na umri: Zohali inaubana tena Mwezi kwa ugumu kila baada ya miaka saba hivi, na karibu na miaka 29 inarudi ilipokuwa mtu alipozaliwa. Kwa Marilyn ilirudi 1955, mwaka alioanza kukaa na mtaalamu wa nafsi huko New York. Mtu akikujia umri huo, usimpe orodha ya mikosi. Mpe zoezi dogo: kwa wiki mbili, kila "usijisumbue" ikimtoka mdomoni, aandike alikuwa anahitaji nini na nani alikuwa mbele yake. Kisha achague kitu kimoja kidogo, kikombe cha chai au kusindikizwa hospitali, na akiombe kwa mtu ambaye hajawahi kumnyima. Asianze na mama.