Pima Kimo cha Mtoto Kabla ya Kuandika Prednisoloni

Matabibu wenzangu, wauguzi na wafamasia, nitaanza pale ninapoanza kila mara: kimo cha mtoto kiko wapi? Fungua faili lolote la mtoto mwenye sindromu ya nefrotiki, aliyefura uso na miguu, mkojo wake ukiwa umejaa protini. Utakuta uzito, joto na mapigo ya moyo. Kimo hakuna. Bila kimo, hesabu ya prednisoloni inafanywa kwa kilo peke yake, na mtoto mdogo ndiye anayepunjwa.

Chukua mtoto wa miaka mitatu, kilo 14, sentimita 96. Zidisha 14 kwa 96, upate 1344. Gawanya kwa 3600, kisha utafute kipeuo cha pili: eneo la mwili wake ni mita mraba 0.61. Dozi ya kuanzia ni miligramu 60 kwa kila mita mraba kwa siku, na haivuki miligramu 60 hata mtoto awe mkubwa vipi. Kwa huyu wetu ni takriban miligramu 37. Sasa fanya kwa kilo, miligramu mbili kwa kila kilo: 28. Tofauti ni miligramu tisa kila siku, karibu robo ya dozi!

Najua kuna atakayesema miongozo inakubali njia zote mbili. Ni kweli, inazikubali. Lakini mtoto mdogo ana ngozi nyingi kuliko mkubwa kwa kila kilo yake, na hizo njia mbili hukutana tu anapokaribia kilo 30. Wengi wa wagonjwa wetu hawajafika hapo. Baada ya wiki nne mkojo ukiwa bado na protini, mtoto ataandikiwa kwamba ugonjwa wake umekataa dawa. Kabla ya kuandika maneno hayo, rudi ukahesabu alikunywa miligramu ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi. Neno hilo humpeleka kwenye kukatwa kinyama cha figo na kwenye dawa nzito zaidi.

Mwingine atauliza: nitumie uzito gani, na mtoto amejaa maji? Tumia uzito wa kabla ya kufura. Mwombe mama kijitabu cha kliniki, mara nyingi umeandikwa humo. Huyu mtoto akipimwa akiwa amefura anaweza kufika kilo 17. Hesabu ya kilo inaruka kutoka 28 hadi 34, ilhali ya eneo inatoka 37 hadi 40 tu, kwa sababu kipeuo cha pili hupunguza kosa la mizani. Hata ukikosa kijitabu, kimo kitakusaidia.

Sasa vidonge. Tuna vya miligramu tano, kwa hiyo 37 inakuwa 35: vidonge saba kwa mara moja, asubuhi, baada ya chakula. Siku 28 kwa saba ni vidonge 196. Ukimpa mama vya wiki mbili bila kumpa tarehe ya kurudi, matibabu yatakatika hapo, kwa sababu siku ya kumi na mbili uso umeshanywea na nyumbani wanaona mtoto amepona. Uvimbe ukiisha, dozi haishuki. Mkojo wa asubuhi ukikosa protini siku tatu mfululizo kwenye kijiti, furahini, lakini kwa mara hii ya kwanza wiki nne zitimie.

Baada ya hapo ni miligramu 40 kwa mita mraba, siku moja anakunywa, siku inayofuata anapumzika. Kwa mtoto wetu ni 24, yaani vidonge vitano, mara 14 katika wiki nne: vidonge 70. Kosa ninaloliona sana ni vidonge hivyo kunywewa kila siku, au kugawanywa nusu leo, nusu kesho. Tia alama siku za dawa kwenye kalenda, mama akiwa anaangalia. Wiki nne za siku kuacha siku ndizo ngazi ya kushukia; zikiisha, dawa inaachwa. Ukichagua ratiba ndefu, ni wiki sita za kila siku na sita za siku kuacha siku. Ngazi za kujitungia, za kupunguza kidonge kimoja kila wiki tangu wiki ya pili, zinakula wiki za dozi kamili.

Muda unanibana. Ugonjwa ukirudi, yaani kijiti kikionyesha alama tatu za protini siku tatu mfululizo, rudisha miligramu 60 kwa mita mraba kila siku hadi mkojo uwe safi siku tatu, kisha 40 kwa mita mraba siku kuacha siku kwa wiki nne. Chanjo zenye virusi hai zisubiri wakati wa dozi kubwa. Na mtoto anayetumia dawa hii, au aliyeiacha karibuni, akitapika sana au akipata homa kali, aletwe siku hiyo hiyo, na mama aseme mlangoni kwamba mtoto yuko kwenye prednisoloni: huenda tezi zake za juu ya figo bado zimelala, na atahitaji steroidi ya kumkinga.