Kusuuza kanula ya mkononi kwa salaini: hatua kwa hatua

Karibuni. Video hii ni ya wauguzi na wanafunzi wa uuguzi. Tuko wodini hapa Moshi, ni asubuhi ya Julai yenye baridi, na mbele yetu yupo bibi mmoja kutoka Kibosho ambaye ametukubalia tumrekodi mkono tu. Tangu jana ana kanula ya waridi, yaani geji 20, kwenye mkono wa kushoto. Usiku alipewa dripu ya Ringa lakteti, na sasa saa 2 asubuhi inampasa apate seftriaksoni gramu 1. Kabla ya dawa hiyo tutaisuuza kanula kwa salaini, kazi ambayo wengi wetu huiita kufulashi.

Hapa ipo sababu ya pekee ya kusuuza. Ringa lakteti ina kalisiamu, na kalisiamu ikikutana na seftriaksoni huganda pamoja kuwa chembechembe ambazo hazitakiwi kuingia kwenye damu. Kwa mtu mzima kama bibi, dawa hizi zinaweza kufuatana, mradi njia isuuzwe kikamilifu katikati. Kwa mtoto mchanga haziruhusiwi kabisa, hata kwa mishipa miwili tofauti.

Tunaanza na maji yenyewe. Tunatumia salaini ya asilimia 0.9 kutoka kichupa kidogo cha mililita 10, ambacho kikifunguliwa hutumika mara moja, kwa mgonjwa mmoja, na kinachobaki kinatupwa. Tafadhali achaneni na mazoea ya kuchomeka sindano kwenye mfuko wa mililita 500 na kuufanya uwe chemchemi ya wodi nzima. Ile sindano iliyobaki imening'inia ni mlango wazi, na kijidudu kilichoingia asubuhi huwa kimeongezeka ifikapo jioni, huku maji yakiendelea kuonekana safi. Soma lebo unapokichukua kichupa, unapokivunja na unapokiweka chini, kwa kuwa vichupa vya maji ya kuchanganyia dawa na vya kloridi ya potasiamu hufanana nacho sana. Maji matupu hupasua chembe nyekundu za damu, na potasiamu ikisukumwa moja kwa moja mshipani husimamisha moyo.

Nimenawa mikono, nimevuta salaini kwenye bomba la sindano la mililita 10 na kutoa hewa yote. Msichague bomba dogo la mililita 2 kwa kudhani ni la upole, maana kadiri bomba lilivyo jembamba ndivyo kidole kilekile kinavyozalisha shinikizo kubwa zaidi.

"Shikamoo bibi. Mkono unauma popote?"

"Marahaba mwanangu. Hauumi, ila una baridi."

Ninaangalia kupitia plasta inayoona: hakuna wekundu, hakuna uvimbe. Ninapapasa juu ya ncha ya kanula kuelekea kiwiko, na mshipa ni laini, haujawa mgumu kama kamba. Kama ungekuwa mwekundu, wenye joto na mgumu, ningeitoa kanula hii na kutafuta mahali pengine, kwani kuisuuza kusingeiponya.

Sasa ninavaa glovu safi na kusugua kiunganishi kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70. Ninasema kusugua, kwa nguvu, nikizungusha juu na pembeni kwa sekunde 15, halafu ninasubiri kikauke chenyewe. Hapa ndipo haraka inapotuponza: spiriti huendelea kuua wadudu wakati inapokauka, na ukiipuliza kwa mdomo umeweka upya ulichokuwa unaondoa. Kikishakauka kisiguse shuka wala kidole changu. Kikigusa, ninasugua tena.

Ninaunganisha bomba, ninafungua kibano, na ninavuta taratibu sana kuona kama damu inarudi. Imerudi kidogo. Katika kanula za mkononi damu mara nyingine hairudi ingawa njia iko sawa, hivyo msihukumu kwa alama hiyo peke yake. Na kama kanula haina kiunganishi, na unatumia tundu la juu lenye kifuniko cha rangi, usivute hapo, maana vali yake inaruhusu kuingiza tu.

Kwa mtu mzima mililita 5 zinatosha. Kanula yenyewe haijazi hata nusu mililita, lakini tunahitaji zaidi ya ujazo wake ili kuta zake zioshwe. Ninasukuma kidogo, kama mililita 1, ninatulia kitambo, ninasukuma tena. Mtiririko huu wa kusukuma na kutulia hufanya maji yazunguke ndani na kung'oa mabaki, tofauti na msukumo mmoja mrefu unaopita katikati tu. Mkono wangu wa pili uko juu ya ncha ya kanula, ukisikiliza. Nikihisi ngozi inafura au inakuwa baridi chini ya vidole, au bibi akisema panachoma, ninasimama papo hapo: maji yanaingia kwenye nyama.

Na ikigoma? Kagua kwanza kama kibano kimefungwa, mrija umekunjika, au mgonjwa amekunja kiwiko. Ikigoma bado, itoe. Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kulazimisha kanula iliyoziba, kwa sababu mishipa ya mgonjwa ilikuwa migumu kupatikana na sikutaka kumchoma tena. Ilifunguka, nikafurahi, na baada ya dakika chache mkono ule ukavimba mpaka juu ya kifundo. Damu iliyoganda haiyeyuki kwa nguvu ya kidole. Hupasua mshipa, au husukumwa mbele ikaenda nisipopajua.

Ya bibi imepita vizuri. Ninampa seftriaksoni iliyochanganywa na mililita 10 za maji ya kuchanganyia, polepole kwa dakika 4. Kisha ninasugua kiunganishi tena na kusuuza kwa salaini mpya, mililita 5, nikianza kwa mwendo uleule wa dawa, kwani dawa iliyobaki kwenye njia ndiyo inayoingia kwanza. Nusu mililita ya mwisho siimalizi: ninafunga kibano huku kidole kikiwa bado kinasukuma, ndipo ninatoa bomba, ili damu isinyonywe kurudi ndani na kuganda kwenye ncha.

Mtaniuliza kuhusu heparini. Kwa kanula ya mkononi ya mtu mzima salaini inatosha. Heparini huagizwa kwa baadhi ya katheta za mshipa mkuu, ambazo husuuzwa kwa mililita 10 za salaini, na 20 baada ya kuvuta au kuongeza damu, kila mara kwa bomba la mililita 10 na kwa vibano vilivyofungwa kila tundu linapoachwa wazi, hewa isiingie. Angalieni nguvu ya heparini kabla ya kuigusa. Kufungia katheta mara nyingi huagizwa uniti 10 kwa mililita, ilhali kichupa cha tiba kinaweza kuwa na uniti 5,000 kwa mililita, yaani mara 500 zaidi. Mililita 2 za kichupa hicho bila kuchanganywa ni uniti 10,000. Uchanganyaji huo uhesabiwe na watu wawili, kila mmoja kivyake.

Bomba limeingia kwenye sanduku la usalama. Kwenye faili la bibi ninaandika saa, mililita 5 kabla na 5 baada, hakuna uvimbe, damu imerudi. Kanula hii itakaguliwa na kusuuzwa tena saa 2 usiku, kabla ya dozi inayofuata.