Kabla ya Kununua Elementi Nyingine: Mazungumzo na Mafundi Vijana, Dodoma

Shikamooni wazee, na nyinyi vijana habari za asubuhi. Leo nimekuja na kitu kimoja mkononi. Hii ni elementi ya chini ya oveni. Ipitisheni, kila mmoja aishike, aangalie miguu yake miwili hii inayoingia kwenye waya. Mmeona? Mguu mmoja unang'aa. Wa pili umekuwa wa zambarau na mweusi, na una ukoko.

Ilitoka kwa mama mmoja wa Kisasa anayeoka keki za kuuza. Aliniambia, "Fundi, hii ni ya tatu ndani ya mwaka. Nimechoka kununua." Kila fundi aliyekwenda alibadilisha elementi, oveni ikapata moto, akalipwa akaondoka. Hakuna aliyejiuliza ya awali ilifia wapi.

Jambo hilo ndilo lililonileta hapa. Elementi iliyozeeka hufia katikati: utaona uvimbe, ufa au kitobo kwenye bomba lake. Ikiungulia mguuni, chanzo ni kiungo kilicholegea. Ukiweka mpya kwenye kiungo kilekile, umeipeleka motoni.

Hesabu yake ni fupi. Elementi ya wati 2000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampia 8.7, na upinzani wake ni kama om 26. Sasa kiungo kikilegea kiasi cha kuongeza nusu om tu, pale pale kwenye kipande cha bati kisichozidi ukucha panazaliwa joto la wati 38 hivi. Chuma cha kulehemu redio kina joto la namna hiyo. Bati linapoteza mkazo wake, linalegea zaidi, upinzani unapanda, joto nalo linapanda.

Basi nilifanya hivi. Nilizima breka ya jiko na kumwomba mama asimruhusu mtu kuigusa. Mita yangu niliijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, nikaja kupima jiko, nikarudi tena kwenye soketi ili nijue haijafa njiani. Kwenye jiko nilipima moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Msitegemee bisibisi ya taa peke yake. Inaweza kunyamaza huku umeme upo.

Nikafungua skrubu mbili ndani ya oveni, nikaivuta elementi taratibu. Waya zisirudi ndani ya ukuta, zitakusumbua kuzitoa. Kile kikonyo cha bati kinachounganisha waya na mguu mweusi kilichomoka kwa vidole viwili, na kikonyo kizima hakitoki hivyo, kinataka plaizi. Nikaikwangua ncha tu ya ule mguu kwa msasa, nikapima: om 26.8. Ndugu zangu, elementi ilikuwa nzima! Mama alikuwa amehifadhi nyingine mbili kwenye boksi. Moja ilikatika kweli mguuni; ya pili nayo ilikuwa hai, nikaikwangua ili niifunge hiyo.

Nilikata waya hadi kwenye shaba inayong'aa, kwa sababu shaba iliyoungua haibani tena, nikaunga kipande cha waya wa silikoni unaostahimili joto na vikonyo vipya. Waya wa kawaida wa nyumba usiuweke humo, ganda lake litayeyuka.

Nilipima pia kati ya mguu na bomba la nje. Ikisoma chini ya megaom 1, usiiunganishe: huenda unga ulio ndani ya elementi umenyonya unyevu, na breka ya kinga inaweza kukatika ukiwasha. Ikaushe kwenye oveni nyingine kwa nyuzi 100 hivi, saa kadhaa, upime tena. Ikikataa, itupe.

Wengi huishia hapo. Mimi nilivuta jiko na kufungua kifuniko cha nyuma unakoingilia umeme. Vumbi letu la kiangazi lilikuwa limejaa, nikalipangusa. Skrubu ya nyutro ilizunguka karibu duara zima kabla ya kubana, na plastiki yake ilikuwa imegeuka kahawia. Kupitia skrubu hiyo oveni na pleti zote nne hurudisha umeme wao, kwa hiyo inabeba mzigo mkubwa kuliko mguu wowote wa elementi. Nilibadilisha kiungio kizima, nikakata shaba iliyoungua, nikabana, kisha nikauvuta kila waya kwa mkono. Msipake risasi ya kulehemu kwenye nyuzi zinazokwenda chini ya skrubu. Risasi hujisogeza polepole ikibanwa, na kiungo hulegea tena.

Nyaya za nyumba zenyewe zikionekana zimeungua, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Upande wa mita ni wa TANESCO, usiuguse.

Baada ya wiki mbili nilirudi Kisasa, nikazima umeme na kupima kama mwanzo. Skrubu ya nyutro ilikubali kukazwa robo mzunguko zaidi. Elementi anayoitumia mama hadi leo ni ile ya pili niliyoikwangua kutoka kwenye boksi.