Kidole kwenye R1: sinematiki, bosi na mahali pa kuhifadhi

Jambo yenu wote. Nimeombwa nieleze jinsi mchezo wa video unavyoendesha hadithi yake, na nimeleta mchezo mmoja tu, kwa sababu nikileta kumi tutalala humu. Ni Shadow of the Colossus, uliotoka mwaka 2005 kwa ajili ya PlayStation 2, ukiongozwa na Fumito Ueda. Vijana wengi hapa mnajua ule uliotengenezwa upya mwaka 2018. Hadithi ni ileile.

Mimi niliuona mara ya kwanza katika chumba kimoja cha michezo kule Katuba, mahali ambapo unalipia nusu saa na mwenye chumba anaweka saa mezani. Nilikaa, nikashika maneti, na mchezo ukaanza na sinematiki. Kijana yuko juu ya farasi, amebeba msichana aliyekufa, anavuka daraja refu lisiloisha hadi kwenye hekalu. Dakika zinakwenda. Nyuma yangu vijana waliokuwa wakingoja zamu ya mpira wakaanza kunung'unika: "Yaya, hii ni filimu ao ni mchezo?"

Waliuliza jambo la maana kuliko walivyodhani. Sinematiki ni sehemu ambayo mchezo unakunyang'anya mkono. Unabaki na macho na masikio tu, na kila dakika unayonyang'anywa unaidai. Ueda analipa deni hilo kwa namna ya ajabu: baada ya mwanzo ule mrefu anakuachia nchi nzima tupu. Hakuna mji, hakuna soko, hakuna maadui wadogo wa kupigapiga njiani. Unainua upanga juani, mwanga unajikusanya na kuonyesha upande wa kwenda, unapanda farasi. Katika nchi ile yote kuna majitu 16, na kila jitu ni bosi, yaani adui mkubwa ambaye lazima umshinde ndipo hadithi isonge. Kazi yako ni kuyaua yote ili msichana afufuke.

Sasa tukae kwenye jitu la kwanza. Unapanda ukingo wa mwamba, halafu inakuja sinematiki fupi: jitu linapita mbele yako, na unaona kwamba kimo chako hakifiki hata goti lake. Baada ya hapo unarudishiwa mkono. Wengi wanapiga mishale na kukimbia huku na huku. Dawa iko nyuma ya mguu: unang'ang'ania manyoya, unachoma, jitu linapiga goti, unaanza kupanda kuelekea alama inayong'aa kichwani.

Kupanda huko kote unashikilia kitufe cha R1. Ukiachia, unaanguka. Pembeni kuna duara linaloonyesha nguvu zako, na linapungua kadiri unavyoning'inia. Jitu likijitikisa huwezi kuchoma, unangoja tu huku duara likiisha. Lakini mwilini mwake kuna sehemu za kusimama, na ukisimama pale unaachia kitufe na duara linajaa tena. Kwa hiyo ndani ya pambano moja kuna kushika, kungoja, kupumua, kuchoma. Bosi mbaya ni yule anayekutaka ubonyeze haraka tangu mwanzo hadi mwisho. Huyu anakufundisha kupumua pamoja naye, na kidole kinauma kweli, si mfano wa maneno.

Jitu linapoanguka, mkono unanyang'anywa tena. Ukingoja shangwe, hupati: muziki unakuwa wa msiba. Nyuzi nyeusi zinatoka kwenye maiti na kumchoma kijana, anazimia, anaamka hekaluni. Karibu naye amesimama mtu wa kivuli. Baada ya jitu la pili, vivuli vinakuwa viwili. Sanamu ya jitu lile inapasuka, sauti inatoa fumbo la jitu linalofuata, na mchezo unakuuliza kama unataka kuhifadhi pale ulipofika.

Hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Swali la kuhifadhi linakuja wakati ambapo hujui kama umefanya vizuri au vibaya. Ungeweza kuzima na kwenda kula bukari, na ungeondoka na picha ya vivuli vile kichwani. Mara zote 16 mzunguko ni huohuo, ila uso wa kijana unazidi kuchakaa, ngozi inapauka, na hakuna anayekuambia kwa maneno. Mahali pa kuhifadhi panakupa muda wa kugundua mwenyewe.

(Tukizungumzia kuhifadhi: kadi ya memori ya PlayStation 2 ilikuwa ya megabaiti 8, na pale Katuba tulikuwa na moja kwa mtaa mzima. Siku moja nilikuta jitu langu la saba limefutwa ili ligi ya mpira ya mtu ipate nafasi. Sijasamehe.)

Mpangilio huu ukikosewa, unahisi mara moja. Chukua Kingdom Hearts ya kwanza, ya mwaka 2002, ambayo sinematiki zake hazikuwezekana kurukwa. Tuseme umeingia kwa bosi, ukatazama sinematiki ya dakika 3, ukapigana dakika 2, ukafa. Unarudishwa kabla ya sinematiki ileile. Ukifa mara sita, umetazama maneno yaleyale kwa dakika 18 na kupigana dakika 12. Ile nusu saa ya kulipia imekwisha! Na si fedha tu. Mara ya kwanza maneno ya adui yanatisha, mara ya nne yanachosha, mara ya sita unamcheka. Hadithi imeharibiwa na mahali palipowekwa, wala si na mwandishi. Dawa ni mbili: ruhusu kuruka kile ambacho mtu ameshaona, au mrudishe aliyekufa baada ya sinematiki, mlangoni pa bosi.

Ila dawa hiyo ya pili ina sumu yake. Ukiweka mahali pa kuhifadhi mbele ya mlango, pamoja na dawa na risasi nyingi, umemwambia mchezaji kwamba bosi yuko ndani. Resident Evil ya mwaka 1996 ilifanya kuhifadhi kuwe na gharama: unahitaji utepe wa wino wa mashine ya kuchapa, na tepe zina idadi. Hapo mtu anasimama anajiuliza atumie sasa au asonge mbele, na hofu inaanza kabla ya adui yeyote.

Nirudi kwa Ueda nimalize. Kabla ya jitu la 16 daraja linabomoka, na farasi uliyempanda saa zote zile anakurusha upande wa pili, mwenyewe anaanguka. Baada ya jitu hilo la mwisho unangoja sinematiki ndefu ya mwisho, na inakuja kweli, lakini katikati unarudishiwa maneti. Mwanga kwenye bwawa la hekalu unamvuta kijana nyuma, na wewe unaweza kukimbia, kuruka, kushika ngazi kwa R1. Hakuna tena jitu utakaloliua. Huwezi kushinda, na mchezo haukuambii.

Siku niliyofika pale, mdogo wangu ndiye aliyekuwa ameshika maneti. Alishikilia ngazi, akavutwa, akakimbia, akashika tena. Vijana wa mpira walikuwa wamenyamaza. Mwenye chumba akasema, "Muda umeisha," akaangalia skrini, akaigeuza saa yake ikatazama ukuta. Mdogo wangu aliendelea kubonyeza R1 mpaka kidole kikawa cheupe, halafu akakiachia mwenyewe.