Ubao na jiwe: kupima uzito kwa bembea ya wenzo

Karibu, mwalimu. Somo la leo ni bembea ya ubao, ile ya mmoja juu mwingine chini. Tutaitengeneza kwa vitu viwili tu, ubao na jiwe, kisha tuitumie kama kifaa cha kupimia. Tunasisitiza upimaji kwa sababu watoto wengi huicheza vizuri lakini vipimo vyao havikubaliani, na chanzo cha tatizo hilo karibu kila mara kiko kwenye jiwe.

Tuanze na ubao. Huu unaouona una urefu wa sm 240, upana wa sm 20 na unene wa sm 4. Uzito wake ni kilo 10. Ukichukua mwembamba zaidi utapinda watoto wakikaa, na ukiwa na fundo kubwa karibu na katikati unaweza kuvunjika papo hapo. Piga msasa kingo zote na uondoe vibanzi kabla mtoto hajaugusa.

Sasa jiwe. Hili ndilo egemeo letu, yaani mahali ambapo wenzo hugeukia. Kimo chake kikishafukiwa kiwe kama sm 15 juu ya ardhi, si zaidi. Jiwe la mviringo halifai, linabingirika. Jiwe bapa kama tofali linaonekana zuri, lakini ndilo litakalokudanganya. Tutaliona baadaye kidogo. Tafuta jiwe lenye mgongo, mahali pa juu pawe pembamba, kama sm 1 hivi. Chimba shimo, fukia theluthi moja ya jiwe, shindilia udongo kuzunguka, kisha lisukume kwa mguu. Likicheza hata kidogo, fukua uanze upya.

Hatua inayofuata usiiruke. Weka ubao juu ya jiwe bila kitu chochote, usogeze polepole mpaka usielemee upande wowote. Chora mstari kwa chaki pale unapolalia mgongo wa jiwe. Huu tutauita mstari wa usawa. Ukipima kwa futi kamba utakuta mara nyingi hauko sm 120 kamili. Ubao huu umeangukia sm 118, kwa kuwa upande mmoja una fundo na ni mzito zaidi. Vipimo vyote vianzie kwenye mstari huu, si kwenye katikati ya urefu. Ukifanya hivyo, uzito wa ubao wenyewe unabebwa wote na jiwe, na hauingii kwenye hesabu.

Geuza ubao, pigilia fito mbili nyembamba chini yake, moja kila upande wa mstari, ili mgongo wa jiwe ukae katikati yao bila kubanwa. Fito hizi huzuia ubao kuteleza. Bila hizo, kila ubao unapoinama unasogea kidogo, na baada ya dakika tano mstari wako hauko tena juu ya jiwe wala hakuna aliyeona.

Tupime. Chukua chupa tatu za maji za lita 1. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo mizani haihitajiki. Weka chupa mbili kushoto, katikati ya kila moja ikiwa sm 40 kutoka kwenye mstari. Zilaze kwa upana wa ubao, moja juu ya nyingine, na uzibane kwa udongo mbichi kiasi kidogo zisibingirike. Weka chupa moja kulia, sm 80.

Ubao umetulia. Waulize wanafunzi: je, tumethibitisha kwamba kilo 2 kwa sm 40 zinalingana na kilo 1 kwa sm 80? Bado. Tazama: nasogeza chupa ya kulia mpaka sm 84. Ubao umetulia. Nairudisha mpaka sm 76. Umetulia vilevile. Mwanafunzi mmoja ataandika 84, mwingine 76, na kila mmoja atakuwa ameona kwa macho yake.

Sababu ni kwamba mgongo wa jiwe una upana. Ubao wenye mizigo hauanguki mpaka kitovu cha uzito wote kivuke ukingo wa jiwe. Hapa tuna kilo 10 za ubao na kilo 3 za maji, jumla 13. Kutoka katikati ya mgongo hadi ukingo ni nusu sentimita. Zidisha 13 kwa nusu, unapata 6.5. Maana yake chupa ya kilo 1 inaweza kusogea sm 6.5 huku au huku na ubao usijali. Sasa fikiria lile jiwe bapa, lenye upana wa sm 4 juu. Nusu yake ni sm 2, mara 13 ni 26. Chupa inaweza kutoka sm 54 hadi sm 106 bila ubao kuanguka! Mtoto aliyepewa jiwe hilo atahitimisha kwamba umbali hauna maana, na hatakuwa na kosa. Kosa ni la jiwe.

Dawa yake si kutafuta jiwe lenye makali kama kisu. Dawa ni kuandika vipimo viwili badala ya kimoja. Sogeza chupa nje, sentimita moja moja, mpaka ubao uanguke kulia. Hapa umeanguka kwenye sm 87. Inua ubao, rudisha chupa ndani, endelea kuisogeza kuelekea jiwe mpaka ubao uanguke kushoto. Umeanguka kwenye sm 73. Jumlisha, gawa kwa mbili: 80. Hilo ndilo jibu la kuandika. Wafanye hivyo kila mara, na madaftari yao yataanza kukubaliana.

Jambo moja watauliza: mbona mizani ya dukani ikiinama hurudi yenyewe, na bembea hii ikianguka haiinuki? Mizani imetengenezwa ili kitovu cha uzito kikae chini ya egemeo. Kwetu mizigo iko juu ya egemeo, kwa hiyo ubao ukishainama, uzito unazidi kuelekea upande ule ule wa chini.

Tuingie kwa watoto wenyewe. Pima uzito wao kwanza. Tuchukue mmoja wa kilo 36 na mwingine wa kilo 24. Weka gunia lenye mchanga chini ya kila ncha ya ubao, na utoe amri mbili: vidole visiwe chini ya ubao, na hakuna anayeshuka bila kuambiwa. Anayeshuka ghafla humwangusha mwenzake kwa kishindo.

Kabla hawajakaa, waache darasa wabashiri. Wengi watasema mzito asogee karibu na jiwe, na ni kweli. Waulize, kwa kiasi gani? Hapo utasikia jibu hili: tofauti yao ni kilo 12, basi mzito asogee sm 12. Usilikatae kwa maneno. Mkalishe mwepesi sm 90 na mzito sm 78, na upande wa mzito unabaki chini. Sasa wape hesabu: 24 mara 90 ni 2,160. Gawa kwa 36, unapata 60. Mkalishe mzito sm 60, na sasa mwanafunzi wa tatu anaweza kuinua ncha yoyote kwa kidole.

Watoto ni wazito, kwa hiyo upana wa jiwe hausumbui tena kama ulivyosumbua kwa chupa. Kinachosumbua ni mgongo wa mtoto. Yule wa kilo 36 akiegemea nyuma kiasi cha kuhamisha uzito wake sm 5 tu, yule wa kilo 24 atalazimika kusogea sm 7.5 kumfuata. Wakae wima wakitazamana, mikono juu ya mapaja, miguu isiguse ardhi, na umbali upimwe hadi usawa wa kitovu, si hadi makalio wala magoti.

Sasa tutoe fito za chini na tusogeze ubao. Tunataka wenzo wa kuinulia mzigo. Weka ubao ili jiwe liwe upande wa kushoto, sm 60 kutoka kwenye mstari wa usawa. Upande mfupi weka kipande cha mbao cha kimo cha sm 10 chini ya ncha yake, ubao usiinuke sana upande wa pili. Juu ya upande huo mfupi weka mfuko wa mchanga wa kilo 20, katikati yake iwe sm 40 kutoka kwenye jiwe. Jitihada tutaiweka upande mrefu, sm 160 kutoka kwenye jiwe.

Waambie wanafunzi wapige hesabu ya chupa ngapi za maji zitaunyanyua mfuko. Watazidisha 20 kwa 40, wapate 800, wagawe kwa 160, na jibu litakuwa kilo 5. Chupa tano. Weka ya kwanza. Kimya. Weka ya pili, na mfuko unanyanyuka. Chupa mbili tu!

Hapa usiwakimbize. Waache watafute kilo zilizopotea. Wengine watashuku mfuko hauna kilo 20, na waache waupime upya. Kilichobadilika ni kwamba mstari wa usawa hauko tena juu ya jiwe. Uko sm 60 upande mrefu, na uzito wa ubao wote unasukuma hapo: kilo 10 mara 60 ni 600. Toa 600 kwenye 800, inabaki 200. Gawa 200 kwa 160, unapata 1.25. Ndiyo maana chupa moja haikutosha na mbili zimezidi. Jaza chupa ya pili robo tu, na ubao utakuwa pale pale kwenye ukingo wa kuinuka.

Jaribio la mwisho: ondoa chupa zote, sogeza mfuko ukaribie jiwe mpaka sm 30. Kilo 20 mara 30 ni 600, na ubao unatoa 600 zake. Gusa ncha ndefu kwa kidole kimoja, mfuko unapanda, na upande ule hakuna mzigo wowote isipokuwa ubao wenyewe.