Petrovich ni Nani? Jina la Baba Katika Mazungumzo ya Warusi

Ndugu zangu, tumchukue mtu wa mfano. Jina lake Aleksandr, baba yake Pyotr, ukoo wao Smirnov. Jina lake kamili ni Aleksandr Petrovich Smirnov, na la dada yake Anna ni Anna Petrovna Smirnova. Baba ni mmoja, ila kiishio hufuata jinsia ya mtoto. Sisi tungesema bin Pyotr na binti Pyotr. Hata Watatari Waislamu wa Urusi wamo humo: mwana wa Salim ni Salimovich, binti yake Salimovna.

Kufanana kunaishia hapo. Kwetu "bin" ni la cheti na hati; hakuna amwambiaye jirani "Habari za asubuhi, Ali bin Salim". Mrusi ndivyo anavyosalimia hasa. Mwanafunzi akikutana na mwalimu wake Smirnov hamwiti "Bwana Smirnov" wala "Profesa". Husema "Zdravstvuite, Aleksandr Petrovich", kisha humsemesha kwa "vi", yaani "nyinyi" ya heshima kwa mtu mmoja. Kwa hiyo mgeni anayekwenda kusoma Moscow aandike daftarini jina la kila mwalimu pamoja na la baba yake. Akilisahau, aulize tu, si aibu.

Jioni, kwa marafiki, jina la baba linabaki mlangoni. Aleksandr sasa ni Sasha, au Sanya, na anaambiwa "ti", yaani "wewe". Wageni wengi hukosea hapa kwa kuchanganya. "Sasha Petrovich" haisemwi, maana katika heshima jina la baba hufuata jina kamili, si la utani. Na rafiki akikuita ghafla kwa majina yote mawili, ama anakutania, ama umemuudhi.

Kuna njia ya tatu, nami ndiyo inayonifurahisha zaidi. Tuseme Aleksandr ni fundi karakanani: mafundi wenzake humwita "Petrovich" tupu, mara nyingi kwa "ti". Kumwita Sasha ni kumfanya kijana, na majina mawili ni ya ofisini mno kwa mtu mnayekula naye chungu kimoja. Lenin naye watu walimwita Ilyich hivyohivyo. Tazama kinyume chake: sisi mtu mzima tunamwita kwa mwanawe, Baba Juma, wao kwa baba yake.

Masikio nayo yajiandae, kwa kuwa katika usemi wa haraka majina hayo humezwa. Aleksandr Aleksandrovich huwa San Sanich, Pavel Pavlovich huwa Pal Palich, na Maria Ivanovna huwa Marivanna. Mgeni anaweza kumtafuta San Sanich kwenye orodha ya walimu mpaka achoke.

Siku hizi kampuni za vijana zinaliacha jina la baba: "Aleksandr" pekee, pamoja na "vi". Shuleni na hospitalini bado. Na pale wawili wanapozoeana, mkubwa ndiye kwa kawaida hupendekeza wahamie "ti". Mdogo husubiri.